Babu Aliacha Kahawa, Halafu Akafa: Tusome Vichwa vya Habari Vizuri

Wiki jana niliposti klipu ya sekunde 40. Nimesimama Ndia Kuu, mlango wa kuchonga nyuma yangu, finjani ya kahawa tungu mkononi, na juu ya vidio nimeandika kwa herufi kubwa: KAHAWA HUREFUSHA MAISHA. Asubuhi hiyo nilikuwa nimeona kichwa cha habari kuhusu utafiti wa kahawa, nikasoma aya mbili za juu, nikatoka mbio kurekodi kabla mtu mwingine hajaniwahi. Klipu ikaenda vizuri sana. Watu wakaitumiana kwenye magrupu ya familia, na shangazi yangu wa Majengo akanitumia sauti akicheka, ati sasa ana ruhusa ya kunywa hata usiku.

Jioni nikapita barazani. Kuna mzee mmoja pale, sahibu wa marehemu babu yangu, walikuwa wakikaa pamoja kila baada ya Alasiri tangu mimi sijazaliwa. Mjukuu wake alikuwa amemwonyesha ile klipu kwenye simu. Nikamwamkia, "Shikamoo babu," akaitikia, halafu akaniuliza swali moja tu.

"Babu yako, mwaka aliokufa, alikuwa anakunywa kahawa au hanywi?"

Nikajibu bila kufikiria. "Hanywi. Alikuwa ameacha."

"Na aliacha kwa nini?"

Hapo nikanyamaza, manake jibu nalijua. Babu alikunywa kahawa tungu maisha yake yote, finjani nne, tano kwa siku, na kashata yake pembeni. Kisha moyo ukaanza kumsumbua. Ngazi za nyumbani zikamshinda, kifua kikawa kinamwenda mbio, akaacha kushuka barazani, na kahawa akaiacha pia. Alikaa juu miezi saba hivi, anakunywa maji na uji. Halafu akaondoka, Mungu amrehemu.

Mzee akasema, "Basi angekuja mtu na daftari mwaka ule kuandika nani anakunywa na nani hanywi, babu yako angeandikwa hanywi. Halafu angekufa. Wangesema amekufa kwa kukosa kahawa?"

Wallahi nilishika finjani yangu nikakosa la kusema. Mzee hajasoma takwimu popote, lakini ameshika kosa ambalo limewahi kuwazonga watafiti wakubwa, tena hapa hapa Mombasa. Leo nataka niwape hiyo stori ya Mombasa yote, kwa sababu watu wengi wa umri wetu hawaijui, na ndiyo iliyonifanya nifute klipu yangu.

Kwanza tuelewane jambo moja. Utafiti wa lishe uko wa aina nyingi, lakini kwa vichwa vya habari tunavyoviona kwenye simu, aina mbili ndizo zinazochanganywa sana.

Aina ya kwanza ni utafiti wa kuangalia. Mtafiti hamgusi mtu. Anauliza unakula nini, anakupima, anaandika, na pengine anakufuatilia miaka. Mwishowe analinganisha: wanaokunywa kahawa wamekuaje, wasiokunywa wamekuaje. Tatizo ni kwamba watu wenyewe ndio waliojigawa. Anayekunywa kahawa barazani ni mtu anayeweza kutembea hadi barazani, ana marafiki wa kukaa nao, na hajakatazwa na daktari. Asiyekunywa, ndani yake kuna watu wasiopenda tu ladha, lakini pia kuna watu kama babu yangu. Ukilinganisha makundi hayo mawili, hulinganishi kahawa peke yake. Unalinganisha pia afya waliyokuwa nayo kabla ya wewe kufika na daftari lako.

Aina ya pili ni jaribio la nasibu. Hapa mtafiti ndiye anayegawa watu, na anagawa kwa kura. Wewe kundi hili, wewe lile, bila kuangalia nani mzima, nani mgonjwa, nani ana pesa. Kundi moja linapewa kitu chenyewe, jingine linapewa kidonge bandia kinachofanana nacho. Likifanywa vizuri, wala mgonjwa wala anayempima hajui nani amepata nini mpaka mwisho. Kura haina upendeleo, kwa hiyo watu kama babu yangu wanaangukia pande zote mbili karibu sawa. Baadaye kukiwa na tofauti kubwa, mtuhumiwa wa kwanza ni kile kidonge.

Haya, sasa stori.

Rudi nyuma miaka ya 1990. Ukimwi unaua watu pwani yote, na ARV ambazo leo mtu anazipata kliniki bila malipo, wakati huo kwa mwananchi wa kawaida hazipo. Watafiti wanatafuta chochote cha bei nafuu kinachoweza kusaidia. Mwaka 1994, kikundi cha Richard Semba kikatoa matokeo ya utafiti uliofanywa Malawi kwa akina mama 338 wenye virusi vya ukimwi. Walipima vitamini A kwenye damu ya mama wakati wa ujauzito, halafu wakaangalia watoto wangapi waliambukizwa. Kwa akina mama wenye vitamini A ndogo kabisa, watoto walioambukizwa walikuwa asilimia 32.4. Kwa wenye vitamini A nyingi, asilimia 7.2. Na katikati hapakuwa na vurugu: walikuwa wamewagawa akina mama makundi manne, na kila ukipanda kundi moja la vitamini, maambukizi yanashuka. Ni kama ngazi.

Fikiria wewe ndiye mwandishi wa habari siku hiyo. Kidonge cha vitamini A ni cha senti. Ungeandika nini? Mimi najijua, ningeandika VITAMINI A YAOKOA WATOTO, halafu ningetafuta karoti ya kushika kwenye picha.

Mwaka 1997 ikaja zamu yetu. Kikundi cha watafiti waliokuwa wakifanya kazi Mombasa, Sherrie Mostad na wenzake, kilitoa utafiti wa wanawake 318 wenye virusi, waliokuwa wakihudhuria kliniki ya magonjwa ya zinaa hapa mjini. Swali lao lilikuwa: ni nani ambaye virusi vinaonekana kwenye majimaji ya ukeni, yaani mahali ambapo vinaweza kumfikia mwenzake au mtoto wakati wa kuzaliwa? Wakapima mambo mengi, vitamini A ikiwemo. Wanawake waliokuwa na upungufu mkubwa wa vitamini A, ukiwalinganisha na waliokuwa nayo ya kutosha, uhusiano ulikuwa mkali ajabu. Kwa kipimo walichotumia, ulitoka karibu mara 13. Waliopungukiwa kiasi, karibu mara 8. Ngazi tena, ileile ya Malawi.

Sasa ushahidi ulikuwa umejipanga. Nchi mbili, vikundi viwili vya watafiti, ngazi mbili zinazoelekea upande mmoja. Na maelezo ya kibayolojia yalikuwepo pia, kwa sababu vitamini A kweli inasaidia utando wa ndani wa mwili na kinga. Kama kungekuwa na utafiti wa kuangalia wa kukushawishi ununue vidonge, ulikuwa huu.

Lakini watafiti hawa wakafanya jambo ambalo mimi sikulifanya na klipu yangu. Wakakataa kuishia hapo. Waliona kwamba wanawake wenye vitamini A ndogo hawakujigawa wenyewe kwa kura. Kuna kitu kimewafanya wawe nayo ndogo, na kitu hicho huenda ndicho kinachofanya virusi viwe vingi.

Kwa hiyo likafanywa jaribio, Mombasa hii hii, kwa ushirikiano wa watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Washington cha Marekani. Wanawake 400 wenye virusi wakagawanywa kwa nasibu. Kundi moja lilipewa vitamini A yuniti 10,000 kila siku kwa wiki 6. Kundi la pili likapewa kidonge bandia kwa wiki hizo hizo 6. Hakuna aliyejua anameza nini. Mwisho wakapimwa kama walivyopimwa wale wa mwanzo.

Matokeo yalitoka mwaka 2002, mwandishi wa kwanza akiwa Jared Baeten. Waliopata vitamini A, chembe zenye virusi zilionekana kwa asilimia 18. Waliopata kidonge bandia, asilimia 21.

Subiri, usikimbie. Najua kuna mtu ameshaona 18 ni ndogo kuliko 21 na anataka kusema imefanya kazi kidogo. Tupige hesabu ya mtaani. Kila kundi lilikuwa na watu kama 200. Asilimia 3 ya watu 200 ni watu 6. Ukigawa watu 400 kwa kura mara nyingi, bila kumpa mtu yeyote chochote, tofauti ya watu 6 itakutokea mara kwa mara, kama unavyorusha shilingi mara 20 ukapata kichwa mara 12 na shilingi haina kasoro. Watafiti waliifanyia hesabu na wakasema hakuna tofauti ya maana. Hata kiasi cha virusi kwenye majimaji na kwenye damu hakikuwa na tofauti ya maana. Na hapa ndipo palipotulia kabisa: hata kwa wanawake walioanza jaribio wakiwa na upungufu wa vitamini A, wale ambao ile mara 13 iliwahusu, vidonge havikuonyesha athari.

Kutoka karibu mara 13 mpaka kutokuwepo tofauti. Mji uleule, kipimo kilekile. Kilichobadilika ni nani aliyegawa watu.

Sasa ile mara 13 ilitoka wapi? Hakuna aliyedanganya. Vipimo vilikuwa vya kweli na uhusiano ulikuwepo. Jibu kubwa liko kwenye namna mwili unavyobeba vitamini A. Sehemu kubwa ya vitamini A yako imehifadhiwa kwenye ini. Ili itoke kwenda mwilini, lazima ibebwe na protini maalumu inayotengenezwa na ini lenyewe. Mwili ukiwa unapambana na maambukizi, ini linapunguza kutoa mbebaji huyo. Kwa hiyo vitamini A kwenye damu inashuka hata kama ghala la ini lina akiba.

Fikiria Bandari ya Kilindini. Makontena yamejaa, lakini malori yamegoma. Wewe umesimama Makupa unahesabu malori yanayopita, unaona matatu tu kwa saa, unaandika kwenye daftari: bandarini hakuna mzigo. Mzigo upo. Tatizo ni malori, na malori yamegoma kwa sababu nyingine kabisa. Ukileta meli nyingine ya makontena hutakuwa umetatua kitu.

Watafiti hao hao walichunguza jambo hili kwa wanawake wa Kenya, wenye virusi na wasio navyo, na wakaona kwamba dalili za mwili kupambana na ugonjwa zinakwenda pamoja na vitamini A ya chini kwenye damu. Maana yake, mwanamke ambaye ugonjwa umemzidi ndiye mwenye virusi vingi, na ndiye huyo huyo ambaye vitamini A yake kwenye damu imeshuka. Vitamini ndogo haikuwa lazima iwe chanzo. Kwa wengi ilikuwa dalili. Ni kama kahawa ya babu. Hakuacha kahawa ndipo moyo ukaugua. Moyo uliugua ndipo akaacha kahawa.

Hapa mtu atasema, sawa, tumeelewa, jaribio la nasibu likishatoka mjadala umefungwa. Hapana, bado. Na hii ndiyo sehemu ambayo hata mimi ilinishangaza.

Wakati Mombasa wanajaribu, miji mingine ilikuwa inajaribu swali la jirani, yaani kama vitamini A kwa mama inamkinga mtoto asiambukizwe. Durban, Afrika Kusini, walijaribu kwa wanawake 728 na matokeo yakatoka mwaka 1999. Watoto wa miezi mitatu walioambukizwa walikuwa asilimia 20.3 upande wa vitamini A na 22.3 upande wa pili. Hakuna tofauti ya maana. Malawi wakafanya jaribio lao pia, na kwenye maambukizi hawakuona tofauti ya maana, lakini watoto waliozaliwa na uzito mdogo walipungua.

Kisha Dar es Salaam. Mwaka 1995 Wafaie Fawzi wa Harvard na wenzake wa Muhimbili walianza jaribio kwa wajawazito 1,078 wenye virusi. Lilipangwa vizuri, likawa na watu wengi kuliko la Durban, na wakawafuatilia watoto mpaka miezi 24. Matokeo yalipotoka mwaka 2002, watoto walioambukizwa upande wa vitamini A walikuwa asilimia 34.2, na upande ambao hawakupewa vitamini A, asilimia 25.4. Yaani mambo yaligeuka. Kidonge ambacho utafiti wa kuangalia ulisema kitaokoa watoto, kwenye jaribio hili kilionekana kuongeza maambukizi.

Hebu kaa hapo kidogo. Kama ungekuwa umeona habari ya Durban peke yake, ungesema haina kazi. Ya Malawi peke yake, ungesema inasaidia uzito wa mtoto. Ya Dar peke yake, ungesema ni hatari. Zote tatu ni majaribio ya nasibu, zote zimefanywa na watu wanaojua kazi yao. Ndiyo maana jibu halikupatikana mpaka yote yakawekwa mezani pamoja, likiwemo moja kubwa la Zimbabwe lenye akina mama na watoto zaidi ya 14,000. Ukiyajumlisha, vitamini A kwa mama haionyeshi kumkinga mtoto na virusi. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo kwamba isitumike kwa ajili hiyo. Kilichokuja kuokoa watoto kweli ni ARV.

Jaribio moja linaweza kupotoka kwa njia nyingi ambazo hazihitaji mtu mbaya. Kura nayo ina bahati, hasa watu wakiwa wachache. Kipimo cha dawa kinaweza kutofautiana. Watu wa mji mmoja wanakula tofauti na wa mji mwingine. Wengine wanaacha kuhudhuria katikati. Na swali lenyewe linaweza kuwa dogo kuliko kichwa cha habari: jaribio la Mombasa lilijibu kuhusu wiki 6 na yuniti 10,000, halikujibu kuhusu miaka kumi.

Na sikilizeni, mtu asitoke hapa akasema "yule jamaa wa Ndia Kuu amesema vitamini A ni mbaya." Sijasema hivyo. Yale matone ya vitamini A ambayo watoto wa kuanzia miezi 6 hadi chini ya miaka mitano wanapewa hapa Kenya mara mbili kwa mwaka ni swali lingine, kwa watu wengine, lenye majaribio yake mengi. Mpwa wako akiitwa kliniki, mpeleke. Na kwa mjamzito, vidonge vya vitamini A vya kujinunulia mtandaoni ni jambo la kumuuliza nesi kwanza, kwa sababu ikizidi sana, hasa miezi ya mwanzo, inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Kitu kimoja, watu watatu, majibu matatu. Ndiyo maana kichwa cha habari kinachosema "vitamini A ni nzuri" au "ni mbaya" hakijakwambia kitu.

Tena tusiwaonee watafiti wa kuangalia. Huwezi kuwapigia watu kura uwaambie nusu yenu mtavuta sigara miaka 30 tuone. Tulijua sigara inaleta saratani ya mapafu kwa kuwaangalia wavutaji na wasiovuta, utafiti baada ya utafiti, nchi baada ya nchi, na uhusiano ulikuwa mkubwa na haukuondoka kila walipojaribu kuuvunja. Tofauti na kahawa ni kwamba kwenye lishe uhusiano mwingi ni mdogo, na mambo ya pembeni ni mengi.

Sasa turudi kwenye klipu yangu. Baada ya mzee kunifunga mdomo, niliifungua ile habari ya kahawa nikaisoma mpaka chini. Watafiti wenyewe walikuwa wameandika kwa adabu kabisa kwamba wanaokunywa kahawa walionekana kufa wachache zaidi katika muda waliofuatiliwa, na kwamba utafiti wa namna hiyo hauwezi kuthibitisha kuwa kahawa ndiyo sababu. Aliyeweka "hurefusha" alikuwa mwandishi wa kichwa cha habari, na mimi nikambeba mgongoni nikamleta kwenu.

Angalieni Kiswahili chetu kinavyotusaidia hapa. "Maisha yao yamekuwa marefu" ni kitu ulichokiona. "Kahawa hurefusha" ni madai kwamba kahawa imefanya kazi hiyo. Hiyo -sha ya mwisho ni nzito. Kila mkiona kichwa cha habari chenye hurefusha, huzuia, huponya, hupunguza, huongeza, ulizeni: aliyefanya kitendo hicho amethibitishwa vipi? Kisha mshuke chini kwenye habari mtafute nani aliyegawa watu. Mkikuta maneno kama "waligawanywa kwa nasibu", -sha hiyo angalau ina mguu wa kusimamia. Mkikuta "waliulizwa wanakula nini" au "walifuatiliwa", ibadilisheni kichwani: si "kahawa hurefusha maisha", ni "waliokunywa kahawa waliishi zaidi". Halafu jiulizeni swali la mzee: na wasiokunywa, kwa nini hawanywi?

Wapo watafiti wanaolijua swali hilo na wanajaribu kulijibu. Wanawaondoa kwenye hesabu watu waliokuwa wagonjwa tangu mwanzo, au hawahesabu vifo vya miaka michache ya kwanza, ili watu kama babu yangu wasiharibu mizani. Ukiona habari imetaja kwamba walifanya hivyo na uhusiano ukabaki, ipe uzito zaidi. Haijakuwa uthibitisho, lakini angalau wameshaulizwa swali la barazani na wana jibu.

Na la mwisho, tafuteni sentensi inayosema tafiti zilizotangulia zilionaje. Habari nzuri huwa nayo. Ikiwa utafiti mpya unapinga tafiti kumi za nyuma, unavutia kwa kuposti, lakini dau lako weka kwa zile kumi mpaka wengine warudie huo mpya. Kumbukeni ile mara 13. Ilitoka kwenye jarida kubwa, kutoka mji wetu, kwa watu makini, na ilichukua miaka mitano kujua kwamba kidonge hakitasaidia.

Nimefuta ile klipu. Kuna waliochukia, kuna mmoja ameniambia nimekuwa mwalimu wa sayansi ghafla. Sawa tu. Kinachonikera ni shangazi wa Majengo. Presha anayo, na usingizi wake mwenyewe anasema haufiki saa tano, halafu mimi mpwa wake nimempa ruhusa ya kunywa kahawa usiku kwa sababu ya aya mbili nilizosoma nikiwa nimesimama. Nilimpigia jana. Nikamwambia, "Shangazi, ile klipu nilikosea. Utafiti haukusema hivyo. Muulize daktari wako kwanza." Akanyamaza, halafu akasema, "Na yule niliyemtumia huko Lamu je? Naye ameshawatumia wenzake." Hiyo ndiyo sina namna ya kuifuta.

Kahawa bado nakunywa, mwanangu. Nakunywa kwa sababu naipenda, na kwa sababu saa kumi na moja jioni baraza ya Ndia Kuu bila finjani haijakamilika. Nafasi ya babu iko wazi na mzee ameniambia nikae. Mkiwa na kichwa cha habari cha chakula kinachowasumbua, nitumieni. Safari hii nitasoma mpaka chini kabla sijawasha kamera.